Kwa vijana wangu wanaotaka kufungua darasa la jioni

Wanangu,

Niliposikia kwamba ninyi wanne, mliomaliza ualimu na bado mnasubiri ajira, mnataka kufungua tuisheni ya kidato cha nne, niliona niwaandikie kabla hamjalipa kodi ya chumba. Tuisheni za namna hiyo mtaani kwetu zimejaa, na mwanafunzi humfuata mwalimu mwenye jina. Lakini hapo sokoni wapo kina mama wasiojua kusoma. Ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu, humwita mtoto wa jirani awasomee, na namba ya siri anaijua mtoto huyo huyo. Wafundisheni hao.

Msimfuate mama mmoja mmoja kumwomba ada. Leo atalipa, kesho nyanya zimeoza, atatoweka kwa aibu. Nendeni kwenye kikoba chao. Wanakutana kila wiki, wana sanduku, na wengi hawawezi kusoma kilichoandikwa kwenye vitabu vyao vya hisa, humwamini katibu tu. Kikoba kikikubali, ada itakatwa siku ya mkutano pamoja na michango mingine. Wakiwa 15 na kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa wiki, mna 15,000. Hiyo haiwatoshi watu wanne, nawaambia mapema. Mwalimu mmoja akishika vikoba vitatu, kila kimoja vipindi viwili kwa wiki, anapata 45,000, na humo atoe chaki, penseli na madaftari. Anzeni na kikoba kimoja, wawili wenu, na hao wengine waendelee na shughuli zao. Kabla ya kipindi cha kwanza mwoneni mtendaji na Afisa Elimu Kata, wajue mnafanya nini.

Saa iwe ile wanayoitaka wao. Wengi hufunga meza saa kumi, na wakishafika nyumbani kupika hawarudi. Fundisheni hapo hapo sokoni, kwa muda wa saa moja na nusu, usizidi.

Sasa somo lenyewe. Nilianza kufundisha kisomo miaka ya sabini, baada ya ule mwaka 1970 uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kitu nilichokiona kikifanya kazi ni kuanza na neno linalowauma. Andikeni ubaoni: deni. Waacheni waongee kwanza, nani anadaiwa, nani hulipa, nani hukana. Kisha likateni: de, ni. Chini ya de andikeni da, de, di, do, du. Chini ya ni andikeni na, ne, ni, no, nu. Ni silabi kumi tu, lakini waambieni watafute maneno humo. Watapata dada, nani, nane, dini, dodo, dona. Mara mama mmoja atachukua du na ni, aongeze a peke yake, aseme dunia, na darasa zima litanyamaza kumwangalia. Kiswahili kinaruhusu hivyo kwa sababu herufi zake husomwa kama zilivyoandikwa. Silabi za mb, nd na nyw ziacheni hadi hizi nyepesi ziwakae.

Jihadharini na kiitikio. Watu wazima wana kumbukumbu kali. Wataimba ubao mzima bila kusoma hata herufi moja. Andikeni neno lisilo na maana, kama duno. Anayesoma atasema duno. Anayekisia atasema dunia.

Na hili la mwisho linanisumbua hadi leo. Nilikuwa na mama mmoja, muuza dagaa, umri kama miaka hamsini. Ubaoni alisoma vizuri, daftarini alishindwa kabisa, nikadhani ni mvivu wa kujisomea. Nilimsema mbele ya wenzake. Hakurudi tena. Miezi mingi baadaye nilipoanza mimi mwenyewe kusogeza gazeti mbali ndipo nilipoelewa kwamba yule mama hakuwa anaona vya karibu. Wengi waliopita miaka arobaini wana tatizo hilo. Mtamjua kwa mkono: atanyoosha daftari mbali na uso, au atasema leo kichwa kinauma. Siku ya kwanza mpeni kila mmoja kipande cha gazeti, mwangalie anakishika wapi. Haijalishi kama hawezi kukisoma. Muulizeni tu kama mistari inaonekana imeachana au imeungana. Wenye shida wapelekwe kupimwa, maana mara nyingi ni miwani ya kusomea tu inayohitajika, na kikoba kinaweza kumkopesha mwanachama wake.

Wiki ya tatu ikiisha, nileteeni madaftari yao niyaone. Asubuhi nipo barazani.

Babu yenu