YAH: MALALAMIKO KUHUSU MCHEZO WENU WA KULEA WANYAMA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Binti yangu ana miaka saba na anapenda wanyama kupita kiasi. Nilimwekea mchezo wenu kwenye kishikwambi kwa sababu maelezo yake dukani yanasema ni wa watoto, na kwamba unawafundisha kutunza wanyama. Naandika kudai fedha zangu, na pia kueleza jinsi mchezo wenyewe ulivyotengenezwa hadi tukafika hapa.

Kimbwa cha kwenye mchezo kina bakuli la chakula. Likijazwa linatosha saa nane tu, na saa hizo zinaendelea kuhesabiwa hata kishikwambi kikizimwa. Mwanangu analala saa mbili usiku na kuamka saa kumi na mbili alfajiri, yaani saa kumi kamili. Basi hata amlishe vipi kabla ya kulala, kila asubuhi anamkuta kimbwa amejikunyata, machozi yanamtoka, na juu yake pameandikwa kwamba anaumwa kwa kuwa ametelekezwa. Dawa ni vito 50. Vya bure ni 10 kwa siku. Mtoto asiyenunua atasubiri siku tano kumtibu mnyama anayeugua kila siku. Hesabu hiyo haiwezi kutoka, na aliyeipanga alijua haitoki. Mtoto anayecheza magari akishindwa ananuna kidogo yanaisha. Huyu wa kwangu anaamini kuna kiumbe kinateseka kwa sababu yake. Amefikia kuamka usiku akiomba kishikwambi "nikamlishe tu, mama".

Asubuhi moja nilikubali kumnunulia mfuko mdogo wa vito wa shilingi 3,500, nikaingiza nywila mwenyewe. Nywila hiyo ikaacha mlango wazi kwa nusu saa bila onyo lolote kwenye skrini. Ndani ya muda huo mchezo wenu ulimwonyesha mtoto kitufe chenye picha ya kimbwa anayetabasamu, bei ikiwa kwa herufi ndogo pembeni, na mifuko minne ya shilingi 25,000 ikapita. Jumla 100,000 ambazo sikuziidhinisha. Niligundua taarifa ya benki ilipokuja, muda wa saa 48 wa kuomba marejesho kwa duka ulishapita, na duka likanielekeza kwenu.

Msiniambie hamkujua. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilizibana Apple na Google kwa jambo hilihili: nywila ikiingizwa mara moja, mtoto anaendelea kununua kwa dakika 15 kwa Apple na 30 kwa Google. Apple ilikubali kurejesha angalau dola milioni 32.5, Google angalau dola milioni 19. Kila anayetengeneza michezo ya watoto anaijua habari hiyo.

Kuhusu hayo mafunzo ya kutunza wanyama, kwenye mchezo paka anapewa maziwa ya ng'ombe asubuhi na jioni, na kila sahani inaongeza nyota za afya. Binti yangu alifanya vilevile kwa paka wetu wa nyumbani, akaharisha mpaka tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alinieleza kuwa paka wengi wakishaachishwa ziwa hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Wanayafurahia, lakini tumbo haliyawezi. Anachohitaji ni maji safi na chakula chenye nyama au samaki. Kibaya zaidi, kwenye sherehe ya kuzaliwa kimbwa analishwa keki ya chokoleti. Chokoleti ni sumu kwa mbwa: ina kitu kiitwacho theobromini ambacho mwili wake hukitoa polepole sana, na kwa mbwa mdogo kiasi kidogo tu kinaweza kuleta matapishi, moyo kwenda mbio, degedege, hata kifo. Nashukuru hatufugi mbwa.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe shilingi 100,000. Ile 3,500 niliinunua mwenyewe, siidai. Saa ya njaa isimame mchezo unapofungwa, mnyama alale kama mtoto anavyolala. Kimbwa atabaki na mambo ya kutosha ya kufanyiwa mchana. Kila ununuzi uombe nywila upya, na bei ionekane kwa shilingi kwa herufi kubwa. Maziwa na chokoleti viondolewe kabla ya toleo lijalo.

Naambatisha nakala ya taarifa ya benki yenye miamala yote mitano, barua ya duka la programu na stakabadhi ya daktari wa mifugo. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nikikosa, malalamiko haya nitayapeleka kwa duka pamoja na picha za skrini, ili waamue kama mchezo huu unastahili kuendelea kukaa upande wa watoto.

Wenu,

Mzazi na mteja,
Tabata, Dar es Salaam