Barua ya wazi kwa mjomba: hizo kilo si mafuta

Shikamoo mjomba,

Nimesikia umepunguza kula kwa sababu mizani imepanda na watu wanakusifu kwamba umenawiri. Nimeuguza wagonjwa wa moyo miaka mingi, na habari hiyo haikunifurahisha. Naandika hadharani kwa kuwa wapo wengi wanaosifiwa hivyo hivyo huku wanajaa maji.

Umeniambia Jumatatu ulikuwa na kilo 71.4, na Ijumaa 74.6. Hizo ni kilo 3.2 kwa siku nne. Kilo moja ya mafuta mwilini ni akiba ya kalori kama 7,700 hivi. Ili unenepe kiasi hicho kwa siku nne, ungelazimika kula ziada ya kalori zaidi ya 6,000 kila siku, juu ya chakula chako cha kawaida. Na wewe unasema hata nusu sahani humalizi! Lita moja ya maji, kwa upande wake, ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo karibu kilo zote hizo ni maji: kama lita tatu zilizoingia na hazikutoka.

Hayatoki kwa sababu moyo dhaifu kama wako hausukumi damu ya kutosha kufika kwenye figo. Figo hudhani mwili umekaukiwa, basi huzuia chumvi, na chumvi hukaa na maji. Mzunguko unajaa, maji yanapenya kutoka kwenye mishipa midogo na kutulia chini: miguuni ukishinda umesimama, kiunoni kwa nyuma ukishinda umelala. Ndiyo maana mizani huwahi kusema kabla ya macho. Mwili unaweza kuficha lita kadhaa kabla kiatu hakijaanza kubana.

Jipime mwenyewe. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, sekunde kumi hivi, kisha achia. Kikibaki kishimo kinachojaa polepole, hayo ni maji. Mafuta hayabaki na kishimo, na hayaji jioni yakapungua asubuhi. Tena mafuta hayakufanyi uongeze mito. Shangazi anasema siku hizi unalala na mito mitatu, na usiku mmoja uliamka ukakaa ukingoni mwa kitanda ukihema. Hilo linanitia hofu kuliko hata mizani, maana linaonyesha maji yameanza kufika kwenye mapafu.

Kwenye magonjwa ya figo na ini uvimbe huanzia pengine. Figo zikivuja protini, mtu huamka uso na kope zimevimba, na mkojo una povu lisiloisha upesi. Ini likiwa na makovu, tumbo ndilo hutangulia kujaa huku mikono na mashavu yakikonda, kiasi kwamba kilo zinaweza kubaki zile zile wakati nyama inaisha na maji yanaongezeka. Nawe ukijinyima chakula unaweza kufika huko huko: ukakonda chini ya maji, ukaona mizani imetulia, ukadhani umepona.

Basi usijinyime chakula, punguza chumvi. Pima uzito kila asubuhi ukishakojoa, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi zile zile, mizani ile ile, juu ya sakafu ngumu (juu ya zulia inadanganya). Andika tarehe na namba. Muulize daktari uzito wako usio na maji ya ziada ni upi, ulinganishe na huo. Kwa mgonjwa wa moyo, kupanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu ni sababu ya kupiga simu kliniki siku hiyo hiyo, hata kama unajisikia vizuri.

Vidonge vya kukojosha maji usiviongeze kwa kukisia, isipokuwa daktari alikuachia maelekezo ya kufanya hivyo. Vikizidi hushusha presha, huvuruga chumvi za damu na kuumiza figo. Na zile dawa za maumivu ya goti, ibuprofeni au diklofenaki, ulianza lini? Zinaifanya figo izuie chumvi na maji. Nimeona zaidi ya mgonjwa mmoja aliyejaa kwa sababu yake tu, na hakuna aliyemuuliza. Mwambie daktari.

Wewe tayari umevuka kipimo, na pumzi inakusumbua usiku. Kliniki ni leo, si siku ya miadi. Nenda na daftari la uzito na dawa zote, pamoja na hizo za goti. Ukianza kuhema ukiwa umekaa tu, kifua kikikuuma, au ukikohoa povu la rangi ya waridi, usisubiri kliniki ifunguliwe, nenda moja kwa moja wodi ya dharura. Shangazi akupeleke, usiendeshe gari mwenyewe.