Barua ya wazi kwa mkuu wa ofisi: Someni mkataba kabla ya kugonga mhuri

Mheshimiwa Mkuu,

Salaam kutoka Kirumba, Mwanza. Jina la ofisi yako silitaji, ila ukisoma utajua ni wewe. Ndiwe uliyesimama mbele yetu ukaahidi kwamba vijana wanaokwenda kufanya kazi nje hawatasumbuliwa tena na makaratasi. Nimesubiri ahadi hiyo kwa adabu, lakini wiki iliyopita kijana wa jirani yangu amepata masahibu yale yale ya mdogo wangu. Sasa naandika hadharani.

Mdogo wangu alikuwa akipanga minofu ya sangara kiwandani, na alithibitishwa kazini zamani. Akapata kazi ya jikoni hotelini Doha. Mwajiri mpya akataka mkataba wa zamani kwa Kiingereza, aone kama yuko huru kuondoka. Tukamlipa mfasiri, tukaleta tafsiri kwenu, mkagonga mhuri palepale tukiwa tumesimama dirishani. Hakuna aliyefungua mkataba wa Kiswahili.

Mkataba ule unasema majaribio ni miezi sita, na kwamba mwajiriwa atathibitishwa kwa barua. Tafsiri ikataja majaribio, sentensi ya kuthibitishwa ikaachwa. Kwa hiyo msomaji wa Doha akaona mtu ambaye bado yuko kwenye majaribio baada ya miaka yote ile. Barua ya uthibitisho tulikuwa nayo mkononi, nayo ilipaswa kutafsiriwa na kuambatanishwa. Hakuna aliyetuambia.

Notisi ndiyo iliyotumaliza. Mkataba unasema siku 28, sawa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, ambayo inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza wa kazi. Mfasiri akaandika mwezi mmoja. Mtu anaweza kudhani ni kitu kile kile. Hesabu nasi, Mheshimiwa: mdogo wangu alitoa notisi kwa maandishi tarehe 3 Machi. Ukianza kuhesabu tarehe 4, siku ya 28 ni tarehe 31 Machi. Ukihesabu mwezi, unafika tarehe 3 Aprili. Doha walimtaka aripoti tarehe 2 Aprili. Kwa mkataba halisi alikuwa huru, kwa karatasi yenye mhuri wenu alikuwa bado mali ya kiwanda.

Kisha kipengele cha kukoma kwa ajira. Mkataba wetu unatenganisha mambo matatu: mwajiriwa kuacha kazi mwenyewe, kuachishwa kwa sababu halali, na pande mbili kukubaliana. Tafsiri ikayatupa yote matatu kwenye neno moja la Kiingereza, lile la mtu aliyetimuliwa kwa kosa. Doha wakaandika kuuliza binti huyu alikosa nini. Alikosa nini! Aliacha kazi kwa barua yake mwenyewe. Tulipopeleka maelezo, nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine.

Nahisi najua chanzo, ingawa sina hakika. Katika tafsiri ile kuna mstari unaosema dereva atarudisha funguo za gari siku ya mwisho ya notisi. Mdogo wangu hajawahi kushika usukani. Nadhani mfasiri ana kiolezo kimoja, anabadilisha majina na tarehe, basi. Mtu mmoja tu angeweka karatasi mbili mezani, Kiswahili huku na Kiingereza huku, angeuona mstari huo kabla hajamaliza ukurasa.

Sikuombi uwe mfasiri, wala kwamba mfasiri arekebishe mkataba. Kama mkataba una kasoro, kasoro hiyo itafsiriwe ilivyo, na maoni yake ayaandike pembeni akisema ni ya mfasiri. Ninachoomba ni mtu wako asome vipengele vitatu kabla ya kugonga mhuri: majaribio, notisi, na kukoma kwa ajira. Siku ibaki siku, mwezi ubaki mwezi. Anayeweza kuvunja mkataba ni mwajiri peke yake, au wote wawili? Hilo nalo litazamwe, maana katika tafsiri ya kijana wa jirani haki ya mfanyakazi kutoa notisi haipo kabisa.

Kwa nini tulipie mhuri usiosoma? Mama yetu aliuza mashine yake ya kushonea ili binti asafiri. Uliahidi, Mheshimiwa. Watu walikupigia makofi, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Kijana wa jirani bado hajapoteza nafasi yake. Mkataba wake na tafsiri yake vimo ofisini kwako sasa hivi. Naomba visomwe pamoja, tafsiri irekebishwe na mhuri ugongwe upya wiki hii.

Wako,
Dada wa mpanga minofu,
Kirumba, Mwanza