Barua kwa mdogo wangu: mtoto asiyeweza kusema kichwa kinamuuma

Mdogo wangu,

Umeniuliza kama mtoto wa miaka miwili na miezi minne anaweza kuumwa kichwa, maana mama mkwe wako anasema watoto hawaumwi kichwa, anadeka tu. Anaweza. Nakujibu hadharani kwa sababu wazazi wanaofika kliniki ya watoto ninakofanya uuguzi huniuliza swali hilohilo, na wengi wamekwisha kuambiwa kuwa mtoto anadeka.

Kwanza acha kumuuliza, "Kichwa kinauma?" Mtoto wa umri wake huitikia ndiyo kwa karibu kila anachoulizwa, na ukimwambia aonyeshe panapouma huenda akashika tumbo hata kama shida iko sikioni. Tazama anachofanya, na hasa alichoacha kufanya. Mtoto anayeumwa kichwa huacha mchezo katikati bila kugombana na mtu. Hukataa kurushwa juu au kukimbia, vitu alivyovipenda asubuhi ileile, kwa sababu mtikisiko unamwongezea maumivu. Hukunja uso ukiwasha taa, hutafuta sehemu yenye giza, husukuma mkono unaomgusa kichwani au hukandamiza paji la uso kwenye kitu kigumu.

Kujigonga kichwa peke yake si jambo ambalo ningelipa uzito sana. Watoto wengi wadogo hujigonga kwa mdundo wanapotafuta usingizi, kisha wakalala vizuri. Kinachonishtua ni mtoto ambaye hakuwa na tabia hiyo akaianza ghafla, tena mchana, huku analia.

Sasa tumchukue mwanao kama ulivyonieleza. Mara tatu mwezi huu, alasiri, ameacha kucheza, midomo ikapauka, akalaza paji la uso sakafuni, akatapika mara moja, akalala kama saa nzima. Alipoamka aliomba chakula na kuendelea na vurugu zake. Siku za katikati hana neno. Mpangilio huo wa kuanza ghafla, kupauka, kutapika, kulala na kuamka mzima unafanana sana na kipandauso, na wewe mwenyewe unacho tangu shuleni. Kipandauso hutembea katika ukoo. Kwa watoto wadogo huwa kifupi kuliko chetu, na maumivu mara nyingi hukaa mbele au pande zote mbili, kwa hiyo usingoje ashike upande mmoja wa kichwa kama unavyofanya wewe.

Hata hivyo nataka daktari amwone wiki hii. Maumivu ya kichwa yanayojirudia kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano hayaachwi bila uchunguzi, hata yakiwa na sura ya kipandauso, kwa kuwa mtoto huyo hawezi kutueleza mambo ambayo kwa mtu mzima yangetuonya mapema.

Onyo mojawapo ni saa. Wewe umesema alasiri. Ungeniambia anaamka na kutapika kabla hajala chochote, kisha anapata nafuu akishakaa wima kwa muda, ningekupigia simu badala ya kukuandikia. Mtu akilala, shinikizo ndani ya fuvu hupanda kidogo. Kama tayari kuna kitu kinacholiongeza, uvimbe au maji yaliyozidi kwenye ubongo, asubuhi ndipo hali inapojionyesha. Matapishi ya tumbo la kawaida huja na kuhara au homa na huisha baada ya siku chache. Yanayorudi asubuhi baada ya asubuhi, bila kuhara, yanataka daktari bila kungoja. Ndivyo ilivyo pia kwa maumivu yanayomwamsha usiku au yanayozidi wiki hadi wiki.

Kwa wadogo zaidi kuna jambo ambalo wazazi hawalitarajii. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, kwa hiyo shinikizo likipanda kichwa chenyewe hutanuka, na mtoto anaweza kuonekana hana maumivu makubwa kwa muda. Ndiyo maana tunazungusha tepu kichwani na kuandika vipimo: kipimo kimoja hakisemi mengi, lakini mstari unaopanda kwa kasi kuliko zamani unasema. Utosi nao uguse mtoto akiwa ametulia na ameketi, maana akilia huvimba hata kwa mtoto mzima wa afya. Kwa mwanao utosi umeshafunga, kwa hiyo tazama mwendo na macho. Je, anayumba au kuanguka kuliko mwezi uliopita? Anainamisha kichwa upande mmoja muda wote? Ameanza makengeza? Ameacha maneno aliyokuwa anayasema? Amekuwa mzito wa kulala, hachangamki? Moja tu kati ya haya likiwepo pamoja na maumivu, usisubiri siku ya miadi.

Na kuna hali za kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane: homa na shingo iliyokakamaa, yaani mtoto hawezi kuinamisha kidevu hadi kifuani; madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi; degedege; usingizi ambao huwezi kumwamsha vizuri; mboni moja kubwa kuliko nyingine; kutapika tena na tena baada ya kuanguka. Kwa kichanga ongeza utosi uliovimba akiwa ametulia, kukataa kunyonya, na kilio chembamba cha juu usichokizoea. Homa ya uti wa mgongo haingoji kupambazuke, na shingo ya kichanga inaweza kubaki laini hata anapokuwa nayo.

Kuhusu dawa, mpe parasetamoli mapema, akianza tu kupauka, kwa sababu akishaanza kutapika haitakaa. Kipimo hufuata uzito: miligramu 15 kwa kila kilo. Mwanao ana kilo 12, kwa hiyo ni miligramu 180. Kama chupa yako imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Soma chupa kila mara, ziko zenye nguvu tofauti, na pima kwa sirinji, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Baina ya dozi ziwe saa sita, na zisizidi nne kwa siku. Aspirini usimpe kabisa. Kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo. Ukijikuta unafungua chupa zaidi ya siku mbili kwa wiki, rudi kwa daktari, kwani dawa yenyewe ikizidi huzaa maumivu.

Daktari atampima kichwa na shinikizo la damu, atamtazama akitembea na kuokota kitu, atachungulia macho na masikio. Usishangae asipoagiza picha ya kichwa. Picha ya CT ina mionzi, na ya MRI kwa mtoto wa umri huu mara nyingi inahitaji alazwe kwa dawa ya usingizi, hivyo uchunguzi ukiwa safi na mpangilio ukiwa kama wake, kwa kawaida haihitajiki.

Kabla hujaenda, tafuta daftari uandike matukio yote matatu: saa yalipoanza, alikuwa anafanya nini, alitapika au la, alilala muda gani, aliamkaje. Likitokea jingine, mrekodi dakika moja kwa simu, akiwa sakafuni na pia akijaribu kutembea. Daktari atamkuta mzima anacheka, na hiyo video ndiyo itakayomwonyesha ulichokiona.

Dada yako