Karatasi za saini zinazofia njiani

Mhariri,

Mvua zikianza tu, mitaa yetu huku Kisauni hufurika, na maji yakishakauka huanza kupita karatasi za saini. Watu hutia saini kwa hasira, karatasi hupelekwa ofisini, kisha kimya. Viongozi hulaumiwa, na sehemu ya lawama ni haki yao. Lakini karatasi nyingi nilizowahi kuzishika zisingefika mbali hata zingepokewa na kiongozi mwema.

Mtaa mmoja wa jirani uliomba mtaro uzibuliwe, taa ziwekwe, zahanati iletewe dawa, vijana wapewe kazi na kituo cha polisi kiongezewe askari, yote katika barua moja. Sasa, polisi si wa kaunti, ni wa serikali ya kitaifa. Aliyeipokea akapata sababu ya kusema barua imekosea mlango, na mtaro ukaondoka pamoja na askari. Ilhali maji ya mvua mitaani na taa za barabarani, Katiba ya 2010 imeyaweka mikononi mwa kaunti waziwazi.

Zamu yetu ilipofika tulibishana hadi usiku, maana kila mtu ana shida yake na anaona ndiyo kubwa. Mwishowe tukaandika ombi moja: mtaro ulio kati ya msikiti na soko uzibuliwe na kufunikwa kwa mabamba ya zege kabla ya mwisho wa Februari. Mwezi Machi mtu yeyote anaweza kwenda pale akatazama, akasema limefanyika au halijafanyika. "Tunaomba serikali iboreshe mazingira" haina siku ya kuhukumiwa.

Kazi ngumu hasa ni orodha. Ombi rasmi hutaka jina, anwani, nambari ya kitambulisho na saini, au alama ya kidole gumba kwa asiyeandika. Ukitaja kitambulisho, mlango unafungwa. Na watu wana sababu: mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wamesajiliwa katika vyama vya siasa wasivyovijua. Wengine wamewahi kusaini orodha ya mahudhurio ya baraza, kisha wakasikia kwamba walikubali mradi fulani.

Dawa yake ni kuandika ombi lote juu ya kila karatasi. Wengi huliandika katika ukurasa wa kwanza tu, halafu kurasa zinazofuata zinakuwa majina matupu ambayo mtu anaweza kuyabandika nyuma ya barua yoyote. Mama mmoja muuza mahamri alikataa kusaini mpaka mwanawe amsomee maneno yale ya juu, mara mbili, ndipo akasaini. Pia tulikataza kupiga picha orodha na kuisambaza WhatsApp. Nambari za vitambulisho vya majirani si za kuchezewa. Na tuliikataa karatasi moja iliyorudi na majina mengi kwa mwandiko mmoja na saini zinazofanana kama mapacha. Karani makini akiona hivyo atazitilia shaka hata zile za kweli.

Wawakilishi tuliwachagua watatu, mmoja wao mpangaji na mmoja mwanamke, majina na simu zao zikawekwa ndani ya barua ili ofisi ijue wa kumpigia. Tuliwapa mpaka: wanaruhusiwa kulieleza ombi na kupokea jibu, hawaruhusiwi kulibadilisha. Wakiambiwa "tutawapa taa kwanza, mtaro baadaye," warudi mtaani kuuliza. Tena waende wawili kila mara, kwa sababu anayekwenda peke yake, hata akirudi na kikombe cha chai tu tumboni, atasemwa amenunuliwa.

Barua iseme pia mlikwishalipeleka wapi jambo hilo na mkajibiwa nini, na kama liko mahakamani. Sheria ya 2012 kuhusu maombi kwa Bunge la kitaifa inataka hivyo, na ni busara kufanya vivyo hivyo mbele ya bunge la kaunti. Peleka nakala mbili. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Anayekataa kuigonga muhuri, mwandikie tarehe na cheo chake papo hapo. Sheria ya Serikali za Kaunti, vifungu vya 88 na 89, inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi na inailazimu kaunti kulijibu bila kukawia, lakini huwezi kudai umecheleweshewa jibu bila ushahidi wa siku uliyowasilisha.

Kwa kuwa wengi hawajui barua hii huandikwaje, naliomba bunge la kaunti yetu liweke fomu tupu ya ombi, kwa Kiswahili, katika kila ofisi ya wadi.

Katibu wa kamati ya wakazi,
Kisauni, Mombasa