Methali ikikatwa katikati

Mhariri, naandika kuhusu huu mjadala wa makala zinazodhaniwa zimeandikwa na kompyuta. Watu wanahesabu methali, eti zikiwepo basi kaandika mtu, lakini mashine nayo inazijua methali kibao, cha kuangalia ni zimekaaje. Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili mara nyingi anaikata katikati, anaandika tu "ndo hivyo, mchelea mwana kulia..." halafu anaendelea na hasira zake, anajua msomaji atamalizia mwenyewe. Mashine mara nyingi inaitoa nzima, inatanguliza "wahenga walisema", kisha inaeleza na maana yake.

Lugha nayo haibadiliki bure. Mtu anaanza rasmi, "kwa mujibu wa taarifa", akifika panapomuuma anateleza, "sasa si mnatuzingua jamani?" Ukiona lugha imeteleza mahali ambapo hakuna kinachouma, hapo shtuka kidogo.

Ila hizi ni dalili tu siyo ushahidi, maana wapo wanaoandika rasmi mwanzo mwisho, na mashine ikiambiwa iige inaiga. Kwa hiyo wahariri naomba msitupe makala kwa dalili peke yake, mpigieni mwandishi simu mumuulize kwa nini kaiweka methali ile pale.