YAH: Malalamiko kuhusu ripoti ya gawio ambayo mistari yake haifikii jumla

Kwa Meneja wa Huduma,

Naandika kwa heshima, ingawa hasira niliyo nayo sitaificha. Katika mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo, ripoti ya mfumo wenu iligawa gawio la shilingi 1,000,000 kwa makundi matatu yenye uwiano wa hisa wa 3, 2 na 2. Ilionyesha 428,571, kisha 285,714 na 285,714, na chini yake jumla ya 1,000,000, ilhali mistari hiyo ikijumlishwa inatoa 999,999. Mwanachama mmoja alisimama na kuuliza shilingi moja iko wapi. Nilimpigia mhudumu wenu, sauti ya simu ikisikika ukumbini, naye akajibu kwamba ni shilingi moja tu, na kwamba wanachama waache kuhesabu kwa mkono.

Chanzo kinajulikana: mfumo unatunza sehemu za desimali, unazificha kwenye kila mstari, halafu unajumlisha namba zilizofichwa badala ya zile zinazosomwa. Kabla ya mkutano mlikuwa mmetushauri tuonyeshe desimali mbili. Tulifanya hivyo, tukapata 428,571.43, 285,714.29 na 285,714.29, ambazo jumla yake ni 1,000,000.01. Upungufu ukageuka ziada! Wala haitoshi kujumlisha namba zilizokadiriwa, kwa sababu jumla ingesomeka 999,999 wakati mkutano umeidhinisha milioni kamili.

Kinachotakiwa ni kuondoa kwanza desimali zote, kuona zimebaki shilingi ngapi, na kuzipa mistari iliyopoteza sehemu kubwa zaidi, shilingi moja kwa kila mstari. Hapa imebaki moja, na kundi la kwanza lililopoteza 0.43 linaitangulia mistari iliyopoteza 0.29, hivyo lipate 428,572. Sehemu zikilingana, kanuni iwe moja, kwa mfano namba ya uanachama, ili ripoti ikichapishwa upya isibadilike. Namba hizo nzima ndizo zihifadhiwe na kutumika kwenye ripoti, leja na faili la malipo. Hivi sasa leja inadai milioni, malipo yametoka pungufu, na mkaguzi anatuuliza sisi.

Narudia, kwa kuwa sijalisahau: watu waliowekeza akiba zao walikaa kimya wakisikiliza sauti ya mtumishi wenu ikiwaambia wasihesabu fedha zao wenyewe. Mweka hazina wetu aliinamisha kichwa kana kwamba ndiye aliyeiba.

Naomba marekebisho hayo pamoja na barua ya kuwaomba radhi wanachama. Naomba pia mturudishie ada ya mwaka huu. Na mkijibu tena kwamba ni shilingi moja tu, tutavunja mkataba, tutahamisha kumbukumbu zetu zote na kuwasilisha ripoti hii, kama ilivyo, Tume ya Ushindani.

Katibu wa Chama